Karata za tajiri na fukara: mchezo ambao mshindi humtoza kodi aliyeshindwa

Katika michezo mingi ya karata, raundi ikiisha karata zinachanganywa, zinagawiwa upya, na kila mtu anaanza sawa na mwenzake. Aliyeshindwa ana nafasi ileile aliyo nayo mshindi. Mchezo tunaoueleza hapa haufanyi hivyo. Raundi ikiisha, aliyekuwa wa mwisho anaanza raundi inayofuata kwa kumpa mshindi karata zake mbili zilizo bora, na mshindi humrudishia mbili asizozitaka.

Nchini Japani mchezo huu unaitwa daifugo, yaani tajiri mkubwa. Wengine hukohuko huuita daihinmin, yaani maskini wa kutupwa. Mchezo mmoja una majina mawili, moja la aliye juu na lingine la aliye chini. Nchini China upo ndugu yake wa karibu aitwaye Zheng Shangyou, na katika nchi nyingi za Magharibi watu huucheza kwa jina la Rais. Sheria hutofautiana kidogo kutoka meza hadi meza. Sisi tutafuata namna ya Kijapani, kwa sababu ina sheria mbili zinazoitikisa ngazi hii kwelikweli.

Swali tunalotaka kulijibu ni hili: kama walio juu hupewa karata nzuri kila raundi, kuna haja gani ya kucheza? Na je, aliye chini ana njia yoyote ya kupanda?

Jinsi unavyochezwa

Unahitaji pakiti moja ya kawaida ya karata 52. Ondoa zile za mchekeshaji. Watu wanne wanatosha, na kila mmoja hupata karata 13. Kopa, uru, shupaza na pau hazina tofauti katika mchezo huu. Kinachoangaliwa ni namba tu.

Mpangilio wa nguvu una jambo moja la kulizoea. Karata ndogo kuliko zote ni 3. Kisha zinapanda 4, 5, 6 hadi 10, halafu J, Q, K, na ree, ile yenye herufi A. Juu ya ree ipo 2, na hiyo ndiyo kubwa kuliko zote.

Lengo ni kumaliza karata zako mapema. Anayeanza anaweka mezani karata moja, au jozi ya namba moja kama 6 na 6, au tatu za namba moja, au zote nne. Anayefuata lazima aweke idadi ileile, lakini ya namba kubwa zaidi. Jozi hujibiwa kwa jozi, na karata moja hujibiwa kwa karata moja. Asiyeweza au asiyetaka hupita. Wote wakipita, karata za mezani zinaondolewa, na yule aliyeweka ya mwisho ndiye anayeanzisha tena, kwa namna anayoitaka yeye.

Anayemaliza wa kwanza anakuwa tajiri mkuu. Wa pili ni tajiri, wa tatu ni maskini, na wa mwisho ni fukara. Mkiwa watano, wa katikati ni raia wa kawaida, hatoi wala hapokei.

Raundi ya kwanza haina kodi. Kuanzia ya pili, karata zikishagawiwa, fukara anampa tajiri mkuu karata zake mbili kubwa kuliko zote. Hana hiari. Tajiri mkuu anamrudishia karata mbili zozote anazochagua mwenyewe. Vivyo hivyo, maskini anampa tajiri karata yake moja kubwa na kurudishiwa moja. Katika meza nyingi fukara ndiye anayeanza kucheza, na hiyo ndiyo fidia pekee anayopewa.

Kodi hii ni nzito kiasi gani?

Tuhesabu kidogo. Karata zenye nguvu kubwa ni ree nne na 2 nne, jumla 8. Wakiwa wachezaji wanne, kila mmoja kwa wastani hugawiwa 2 kati ya hizo. Hapo wote wako sawa.

Baada ya kodi mambo hubadilika. Tajiri mkuu anabaki na wastani wa zaidi ya 3, na fukara anabaki na chini ya 1. Yaani kabla hata karata moja haijawekwa mezani, mmoja ana silaha mara kadhaa kuliko mwenzake, na hakuna aliyecheza vizuri wala vibaya. Ndiyo maana katika meza nyingi unaona mtu yuleyule anakaa juu raundi tatu au nne mfululizo, kisha anaanza kujisifu kwamba anajua karata kuliko wengine. Huenda anajua kweli. Lakini sehemu ya ushindi wake inatokana na kiti alichokalia.

Hata hivyo kodi ina upande wa pili ambao wengi hawauoni haraka. Fukara anajua karata mbili zilizo mikononi mwa tajiri mkuu, kwa sababu yeye ndiye aliyempa. Tajiri mkuu naye anajua mbili za fukara. Wengine hawajui. Fukara aliyetoa 2 na ree anaweza kuzihesabu zinapotoka. Siku zote mbili zikishatoka, anajua ni wakati gani Q yake imepata nafasi ya kushika meza.

Kosa la tajiri mkuu: kutoa karata ndogo kuliko zote

Watu wengi wakiwa juu hutoa karata zao mbili ndogo kabisa bila kufikiri. Tuone mfano mmoja kwa ukamilifu.

Fukara amegawiwa 3, 4, 4, 6, 6, 7, 8, 9, 9, J, Q, A na 2. Kwa sheria anatoa 2 na A. Anabaki na karata 11.

Tajiri mkuu amegawiwa 4, 4, 5, 7, 10, 10, J, Q, K, K, A, 2 na 2. Akipokea zile mbili za fukara anakuwa na ree mbili na 2 tatu. Sasa anatakiwa kurudisha mbili. Macho yanakwenda moja kwa moja kwenye 4 na 4, kwa kuwa ndizo ndogo kuliko zote alizo nazo.

Hebu kwanza tuhesabu mafungu, kwa maana ya karata zinazoweza kuwekwa mezani kwa pamoja. Akitoa zile 4 mbili, anabaki na 5, 7, jozi ya 10, J, Q, jozi ya K, jozi ya A, na 2 tatu. Hayo ni mafungu 8, yaani atahitaji kuweka karata mezani angalau mara 8. Akitoa 5 na 7 na kubaki na jozi yake ya 4, mafungu yanakuwa 7. Jozi hutoka kwa mara moja, lakini karata mbili zilizo pekee zinadai zamu mbili. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya aliye juu ni kutoa karata ndogo zilizo pekee na kutovunja wala kutoa jozi, hata ikiwa ndogo.

Lakini hasara kubwa zaidi ya kutoa zile 4 haiko kwenye hesabu ya mafungu. Iko mikononi mwa fukara.

Mapinduzi

Katika daifugo, mtu akiweka karata nne za namba moja kwa pamoja, mpangilio wa nguvu unageuka juu chini. Wajapani huita kakumei, na maana yake ni mapinduzi. Kuanzia hapo hadi raundi iishe, 3 inakuwa kubwa kuliko zote, inafuata 4, na 2 inakuwa dhaifu kuliko zote. Mapinduzi yanaweza kutenguliwa tu ikiwa mtu mwingine ataweka nne za namba moja naye, na mpangilio hurudi kama mwanzo.

Turudi kwa fukara wetu. Alikuwa na 4 mbili. Tajiri mkuu amemrudishia nyingine mbili. Sasa ana zote nne, na yeye ndiye anayeanza kucheza.

Anaziweka mezani palepale, na meza imepinduka. Kwa mpangilio mpya, kinachoweza kuzishinda 4 nne ni 3 nne tu, na fukara mwenyewe ana 3 moja, kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kuwa nazo zote. Wote wanapita na fukara anaanzisha tena. Anabaki na karata 9: 3, 6, 6, 7, 8, 9, 9, J na Q. Dhaifu kati ya hizo sasa ni Q na J tu, na ile 3 imekuwa silaha isiyoshindika ikichezwa peke yake.

Tajiri mkuu naye ameshika 2 tatu, ree mbili na K mbili. Dakika moja iliyopita zilikuwa utajiri. Sasa ni mizigo, na karata zake mbili tu ndizo zenye nguvu, 5 na 7. Ameharibiwa na zawadi aliyoitoa mwenyewe.

Fukara hajashinda bado. Wale wawili wengine wanaweza kuwa na 3 na 5 za kutosha. Ila amefika mahali ambapo kodi haimuumi tena, kwa sababu kodi iliondoa karata kubwa na kumwachia ndogo, na sasa ndogo ndizo zinazotawala.

Tajiri mkuu angejuaje? Hakuziona karata za mwenzake. Jibu ni kwamba hakuhitaji kuziona. Ukishika hata karata moja ya namba fulani, hakuna mtu mwingine anayeweza kukusanya nne za namba hiyo. Kubaki na 4 ni kufunga mlango wa mapinduzi ya 4. Ukitoa jozi yote, mpokeaji anahitaji awe na nyingine mbili tu, na hilo hutokea takriban mara 1 katika 12. Ukitoa karata iliyo pekee, anahitaji awe tayari na zile nyingine tatu, jambo linalotokea takriban mara 1 katika 40. Hata ukitoa mbili za pekee, hatari yote ni karibu mara 1 katika 20. Sababu hii inaungana na ile ya mafungu: toa karata za pekee, na usitoe jozi.

Fukara anacheza mchezo tofauti

Kosa la fukara ni kucheza kana kwamba anataka kuwa wa kwanza. Raundi nyingi hataweza, kwa maana karata za kumfikisha huko ameshazitoa. Lengo lake la kweli ni kutokuwa wa mwisho. Kupanda ngazi moja tu kunapunguza kodi yake kutoka karata mbili hadi moja, na raundi inayofuata anaanza akiwa na uzito nusu.

Lengo likibadilika, mbinu nazo hubadilika. Kwanza, anapoanza asitoe karata ya kujionyesha. Zamu ya kuanza ndiyo nafasi yake ya uhakika ya kuondoa karata ambayo haiwezi kuwekwa juu ya nyingine yoyote, na hiyo ni 3. Kama ana jozi ndogo au tatu ndogo, hizo ni bora zaidi, maana zinaondoka kwa pamoja, na mara nyingi wengine hawana idadi ileile ya kujibu bila kuvunja karata zao nzuri.

Pili, karata yake kubwa iliyobaki, tuseme Q, asiitumie mapema kushindana na K na ree ambazo bado hazijatoka. Aingojee. Wenye karata kubwa wakishapigana wao kwa wao, Q inaweza kuwa ufunguo wa kumrudishia meza mara moja karibu na mwisho.

Tatu, amwangalie maskini, si tajiri mkuu. Mshindani wake halisi ni yule aliye ngazi moja juu yake, ambaye naye ametoa karata. Fukara anayetumia nguvu zake zote kumzuia tajiri mkuu hujikuta amemsaidia maskini kumkimbia.

Kanuni hii ya tatu inageuka pale meza inapokuwa na sheria ya pili tuliyoitaja mwanzoni.

Kuanguka kwa tajiri mkuu

Sheria hii Wajapani huiita miyako-ochi, maana yake kuondoka katika mji mkuu. Inasema hivi: tajiri mkuu asipomaliza wa kwanza tena, hashuki ngazi moja. Mara tu mtu mwingine anapomaliza wa kwanza, yeye anaweka karata zake chini na kuwa fukara papo hapo.

Angalia sheria hii inavyowabadilisha watu wote wanne kwa wakati mmoja. Tajiri mkuu hawezi tena kucheza polepole na kuridhika na nafasi ya pili. Kwake ni juu kabisa au chini kabisa, kwa hiyo atatumia ree na 2 zake mapema kuliko ambavyo angependa. Tajiri ndiye mwenye nafasi kubwa ya kumwangusha, kwa kuwa ana karata nzuri na hana cha kutisha cha kupoteza.

Na fukara? Tajiri mkuu akianguka, nafasi ya mwisho imeshapata mtu. Fukara wa zamani hawezi tena kuwa wa mwisho, hata awe na karata mbaya namna gani. Kwa hiyo, pale tajiri anapoweka jozi ya 9 na fukara ana jozi ya J, huenda faida ya fukara ni kupita na kumwachia tajiri meza. Maskini anapata faida hiyohiyo. Bila mtu kusema neno, watatu wanajikuta wanamsukuma mmoja wao mbele. Hakuna ruhusa ya kupatana kwa maneno, lakini kupita ni haki ya kila mchezaji.

Kwa hiyo kabla ya kugawa karata, ulizeni: je, sheria ya kuanguka ipo au haipo? Bila sheria hiyo, fukara apigane na maskini. Ikiwepo, ampishe anayeweza kumwangusha aliye juu.

Yanayoharibu mchezo

Udanganyifu wa kawaida hutokea kwenye kodi. Fukara anaficha karata yake kubwa na kutoa iliyo chini yake. Kuutambua ni rahisi ikiwa tajiri mkuu anakumbuka alichopewa. Kama alipewa K na Q, kisha katikati ya raundi fukara akaweka ree, kodi haikulipwa ipasavyo. Meza ikubaliane mapema kwamba anayekamatwa anahesabiwa wa mwisho raundi hiyo.

Tatizo la pili si udanganyifu. Ni mtu mmoja kukwama chini. Ukiona mchezaji yuleyule amekuwa fukara raundi nne au tano mfululizo, na anaanza kutupa karata ovyo bila kufikiri, jueni ngazi imekuwa nzito mno kwa meza hiyo. Ipunguzeni kodi: fukara atoe karata moja, na maskini asitoe kitu. Au ongezeni sheria ya kuanguka, ambayo haimwachii mtu kukaa juu kwa starehe.

Wapo waliofanya ngazi hii kuwa ndiyo mchezo wenyewe. Mwaka 1995 mtunzi wa michezo wa Marekani, Richard Garfield, alitoa mchezo uitwao The Great Dalmuti, wenye karata 80 za peke yake. Humo namba 1 ipo karata moja tu, namba 2 zipo mbili, hadi namba 12 zilizo kumi na mbili, na juu yake wachekeshaji wawili. Wachezaji hubadilishana hata viti kufuatana na vyeo vyao, na wa chini hulipa kodi ya karata mbili. Lakini mtu akigawiwa wachekeshaji wote wawili, anaweza kutangaza mapinduzi, na kodi ya raundi hiyo inafutwa. Na akiwa ni yule wa chini kabisa, ngazi nzima inageuzwa: wa mwisho anahamia kiti cha kwanza.

Kama mnataka kujua ni kiasi gani mshindi wenu anabebwa na kiti chake, lipo jaribio rahisi. Chezeni raundi 10 za kodi, na mwandike kila raundi nani amemaliza wa kwanza na nani wa mwisho. Kisha chezeni raundi nyingine 10 bila kodi, watu walewale. Raundi 10 ni chache, kwa hiyo bahati bado itakuwa na neno lake. Lakini aliyekuwa anatawala akirudi katikati mara tu kodi inapoondolewa, mtakuwa mmepata sehemu ya jibu, nalo litakuwa limeandikwa kwenye karatasi yenu wenyewe.